Mzigo Ukikataliwa, Nauli ni ya Muuzaji

Mnunuzi wa mtandaoni Dar es Salaam anataka kuuona mzigo kwanza ndipo atoe hela. Simlaumu, maana wapo waliotuma pesa kwa muuzaji wa Instagram na hawakumwona tena. Lakini makubaliano hayo ya kulipa ukipokea humwachia muuzaji hatari yote.

Chukua muuzaji wa raba pale Kariakoo. Pea kainunua kwa shilingi 24,000, anaiuza 35,000, na mteja wa Mbagala ataongeza 5,000 ya bodaboda. Mteja akipokea, faida ni 11,000. Akikataa, au simu yake ikizimwa boda akiwa tayari mtaani, muuzaji anadaiwa 5,000 ya kwenda na 5,000 ya kurudi. Zikitoka oda 10 na kurudi 3, pea 7 zilizouzwa zimeleta 77,000, ila 30,000 imekwenda kwa boda. Imebaki 47,000. Na raba zile tatu zilishinda barabarani huku wateja wengine wakiambiwa saizi yao imeisha.

Wanaokataa si wote wahuni. Mwingine aliagiza usiku akiwa na hamu, mzigo ukaja baada ya siku tatu hela imeshatumika. Mwingine anavaa 42 ya kiwanda kimoja, na 42 ya kiwanda kingine inambana. Huyu anasaidika mapema: mwambie akanyage karatasi, apime kwa rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu, akutumie sentimita. Mtumie na picha ya pea yenyewe uliyoipiga mchana, si ile ya kiwandani.

Dawa ninayoiamini zaidi ni kuomba nauli ya boda kabla mzigo haujatoka, bei ya raba ikalipwa mlangoni. Asiye na nia huishia hapo hapo, na aliyekwisha kutoa 5,000 hazimi simu ovyo. Wapo wateja wageni watakaoogopa hata hiyo, na utawapoteza baadhi. Ndiyo maana ahadi iende pande zote mbili: mteja afungue, ajaribu boda akisubiri, na raba ikiwa tofauti na picha arudishiwe nauli yake.

Asubuhi ya kupeleka, piga simu. Usiulize tu kama yupo, kwa sababu atasema yupo. Uliza nani atapokea, saa ngapi, karibu na nini, na kama hela iko tayari. Anayesema "nitakucheki" mzigo wake ubaki dukani.

Mlangoni, mteja alipe kwenye namba yako ya simu au ya Lipa, na boda asiachie raba mpaka wewe uone salio lako limeongezeka. Meseji ya muamala iliyo kwenye simu ya mteja isikutoshe, kwani hughushiwa.