Mihadhara 18, Karatasi Tatu

Mwaka 2012 Profesa Yaser Abu-Mostafa wa chuo cha Caltech, kule Pasadena, California, alifundisha somo la namna mashine zinavyojifunza huku kamera zikirekodi. Mihadhara ilikuwa 18. Kila mmoja una kama saa nzima ya kufundisha, kisha maswali ya wanafunzi, na yote iliwekwa mtandaoni bure pamoja na slaidi zake. Ukiisikiliza mwanzo hadi mwisho utatumia zaidi ya saa 20. Mwalimu mwenyewe hana haraka na mifano yake inaeleweka, lakini ukifika mhadhara wa 12 utajikuta umesahau alichosema katika wa 4.

Mara ya kwanza nilijaribu kuandika kila neno. Mihadhara mitatu ikamaliza daftari zima, na nilipolifungua baada ya mwezi halikunisaidia kitu. Yalikuwa maneno yaleyale ya mwalimu, ila sasa hayakuwa na sauti wala michoro. Nikaanza upya na karatasi tatu tu: ya kwanza faharasa ya istilahi, ya pili jedwali la kulinganisha modeli, ya tatu makosa ambayo watu huyarudia.

Faharasa niliianza na alama mbili zinazoonekana karibu katika kila slaidi, `E_in` na `E_out`. Chukua mfano wa benki, ambao mwalimu anautumia katika mhadhara wa kwanza. Benki ina kumbukumbu za wateja wa zamani: umri, mshahara, madeni, na jinsi kila mmoja alivyolipa. Mashine inapekua kumbukumbu hizo na kutunga kanuni ya kuamua nani apewe mkopo. Ikikosea kwa wateja walewale iliojifunzia, hilo ni kosa la ndani, `E_in`. Ikikosea kwa mteja atakayeingia kesho asubuhi, hilo ni kosa la nje, `E_out`. Benki haina shida na wateja wa jana, inamtaka wa kesho, na kosa la kwake halipimiki leo. Pengo kati ya makosa haya mawili ndilo linalobeba somo zima. Modeli yenye kosa dogo ndani na kubwa nje imekariri, kama mwanafunzi aliyemeza majibu ya mitihani iliyopita akashindwa swali lilipogeuzwa kidogo.

Jambo moja nililojifunza kwa kufuta na kuandika tena: usiandike maana kwa wino siku ya kwanza. Neno "kelele" linajitokeza mapema, katika mhadhara wa 4. Pale ni mambo ya kubahatisha tu: wateja wawili wenye mshahara uleule na madeni yaleyale, mmoja analipa, mwingine halipi. Nikaandika hivyo nikaridhika. Katika mhadhara wa 11 mwalimu akaongeza kelele ya aina ya pili, isiyo na bahati nasibu ndani yake. Hii ni ile sehemu ya ukweli ambayo modeli yako haina uwezo wa kuishika, mfano mkunjo uliopindapinda unapoulazimisha uwe mstari ulionyooka. Kwa modeli, aina zote mbili zinaonekana sawa, na zote mbili huifanya ikariri. Ndiyo sababu kila neno katika karatasi yangu lina namba ya mhadhara na dakika pembeni, na nafasi tupu chini yake.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilichora jedwali kama wanavyochora wengi: jina la modeli, faida, hasara. Mstari ulionyooka, mtandao wa neva, na nyingine zilizofundishwa. Mhadhara wa 8 ukalivunja jedwali hilo lote.

Mwalimu anachukua wimbi la `sin(πx)`, kati ya -1 na 1, na kuzipa modeli mbili kazi ya kulikisia. Ya kwanza ni duni kabisa: inaruhusiwa kuchora mstari wa mlalo tu. Ya pili inaweza kuchora mstari wowote ulionyooka, hata ulioinama. Kila moja inaonyeshwa nukta mbili tu za wimbi, zilizookotwa bila mpangilio. Ya mlalo inapita katikati ya kimo cha nukta hizo, ya pili inapita juu ya zote mbili bila kukosea hata chembe. Ndani, basi, ya pili imeshinda.

Sasa rudia mchezo huo mara nyingi kwa nukta mpya kila mara. Nukta mbili zikitokea karibukaribu sehemu yenye mteremko mkali, mstari wa modeli ya pili unainuka na kutoroka mbali na wimbi. Mwalimu anagawa kosa la nje mafungu mawili: umbali wa jibu la wastani kutoka kwenye ukweli, na myumbo wa majibu kutoka jaribio moja hadi jingine. Mstari wa mlalo una umbali 0.50 na myumbo 0.25, jumla 0.75. Mstari ulioinama una umbali 0.21 tu, lakini myumbo wake ni 1.69, jumla 1.90. Modeli duni imeshinda, na kwa mbali.

Wape nukta nyingi badala ya mbili, na matokeo yatageuka: myumbo utapungua, na mstari ulioinama utaongoza. Kwa hiyo safu ya "faida na hasara" niliifuta. Mahali pake niliandika swali moja kwa kila modeli: inahitaji data kiasi gani ili itulie? Mwalimu ana kipimo cha mkono kwa hilo, kwamba mifano iwe walau mara 10 ya uwezo wa modeli kujipinda, uwezo ambao katika mhadhara wa 7 unapimwa kwa namba iitwayo kipimo cha VC. Kwa modeli nyepesi za mistari, namba hiyo ni idadi ya vigezo na kuongeza moja. Kwa hiyo benki inayotazama mambo manne ya mteja ina 5, na isianze na kumbukumbu pungufu ya 50.

Karatasi ya makosa sehemu kubwa imetoka katika mhadhara wa 17 na maswali ya wanafunzi mwishoni mwa vipindi. Usiyaruke maswali hayo, maana wanaouliza hukosea kama utakavyokosea wewe. Kosa moja nililiandikia ukurasa mzima. Mtu anataka kutabiri bei ya dola dhidi ya pauni ya Uingereza. Ana miaka 8 ya bei za kila siku, na anatumia mabadiliko ya siku 20 kutabiri ya siku inayofuata. Kwanza anasawazisha namba zote ziwe na wastani sifuri na mtawanyiko moja, kisha anatenga data ya majaribio asiyoigusa kabisa wakati wa kufunza. Akijaribu, faida inapanda siku hadi siku. Akiingia sokoni, hapati kitu.

Aliigusa data ya majaribio bila kujua, maana wastani aliosawazishia ulihesabiwa kutoka data yote, ya majaribio ikiwamo. Chembe ndogo tu ya siku zijazo ilipenya, ikatosha kumdanganya. Dawa ni mpangilio: tenga kwanza, hesabu wastani kutoka data ya kufunzia peke yake, kisha sawazisha ya majaribio kwa wastani uleule. Dalili nayo niliiandika: matokeo mazuri kupita kiasi katika jambo ambalo wengi wamelijaribu wakashindwa, kama bei za fedha, yapekuliwe kabla ya kusherehekewa.

Ukitaka kutengeneza karatasi zako, usifuate namba za mihadhara. Sikiliza wa 1, kisha ruka hadi wa 17 uyajue makosa, ndipo urudi wa 2. Na wa 8 usikilize ukiwa na penseli, uchore nukta mbili mwenyewe, mara kumi hivi, uuone mstari ukitoroka.