Jipu la Ini (Sehemu ya Pili): Nani Achomwe Sindano?

Wiki iliyopita tulieleza jinsi amiba anavyotoka utumbo mpana, akafuata damu hadi kwenye ini na kuozesha nyama yake. Leo tuingie chumba cha altrasaundi. Tuchukue mgonjwa wa mfano, kijana wa Mandewa mwenye homa ya wiki mbili na maumivu chini ya mbavu za kulia yanayopanda hadi begani. Picha inaonyesha tundu moja la sentimita 7 upande wa kulia wa ini. Ndugu zake wakisikia kwamba ini lina usaha, swali lao ni moja: kwa nini usinyonywe leo hii? Hoja yangu ni kwamba picha hutuambia kuna nini na kiko wapi, lakini uamuzi wa sindano haumo kwenye picha peke yake.

Tuanze na kinachoonekana. Maji matupu hayarudishi mwangwi, kwa hiyo uvimbe maji, ambao hospitalini huitwa sisti, huwa mweusi tii, una ukuta mwembamba kama karatasi na kingo laini. Usaha una chembechembe za nyama iliyooza, na kila chembe hurudisha mwangwi kidogo. Ndiyo maana jipu lililoiva huwa la kijivu iliyofifia, lenye vumbivumbi ndani, na mara nyingi limekaa karibu na ngozi ya nje ya ini. Mgonjwa akigeuzwa ubavu, vumbi hilo huweza kuonekana likisogea. Weupe unaong'aa nyuma ya tundu hautenganishi vitu hivi viwili, kwa sababu vyote ni vimiminika na vyote hupitisha sauti vizuri. Mpimaji asiye mwangalifu anaweza pia kudanganywa na mashine yake: akizidisha nguvu ya mwangwi, sisti hujaa vumbi la uongo, akiipunguza mno, usaha hugeuka maji. Siku za mwanzo, kabla nyama haijayeyuka, jipu hufanana na uvimbe mgumu, na saratani ya ini iliyooza katikati nayo huweza kufanana na jipu.

Kuna uvimbe maji mmoja ambao haufai kuchomwa kwa pupa, nao ni ule wa minyoo tegu ya mbwa. Ugonjwa huu unajulikana Turkana nchini Kenya na Ngorongoro hapa kwetu, kwa hiyo mfugaji anayeishi na mbwa na kondoo lazima aulizwe. Picha yake huwa na vifuko vidogo ndani ya kifuko kikubwa, au utando uliobanduka unaoelea. Maji yake yakivuja tumboni bila maandalizi, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali wa kuua, na mbegu za minyoo zikasambaa.

Turudi kwa kijana wetu. Ana homa, tundu ni moja, lina vumbi, liko kulia: amiba ndiye mshukiwa wa kwanza. Anaanzishiwa metronidazo, na kwa kawaida homa na maumivu hupungua ndani ya siku tatu hivi. Wapo watakaosema usaha ni usaha, utolewe apone haraka. Hoja hiyo ina nguvu kwa jipu la bakteria, hasa likipita sentimita 5. Hilo huhitaji sindano au mpira wa kutolea usaha pamoja na antibiotiki. Kwa jipu la amiba lisilo na matatizo, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2009 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuongeza sindano juu ya metronidazo kunamnufaisha mgonjwa. Sindano nayo huweza kuvujisha damu au kuingiza bakteria mahali ambapo hawakuwepo.

Hata hivyo, kungoja kuna mipaka. Jipu la upande wa kushoto linapakana na moyo, na likipasukia kwenye mfuko wa moyo mgonjwa hufa upesi, hilo halisubiriwi. Vivyo hivyo jipu kubwa, la sentimita 10 hivi, lililobakiwa na ukingo mwembamba wa ini, au homa isiyoshuka baada ya siku tatu hadi tano za dawa. Hapo sindano huingizwa kwa kuongozwa na altrasaundi, na usaha wa kahawia usio na harufu mbaya huelekeza kwa amiba, ingawa amiba mwenyewe mara nyingi haonekani humo kwa kuwa hujificha ukutani.

Baada ya kupona, tundu huweza kubaki kwenye picha kwa miezi kadhaa. Mgonjwa asiye na homa wala maumivu asikubali kuchomwa kwa sababu ya kivuli hicho. Aulize badala yake kama amepewa dawa ya pili, paromomisini au diloksanidi, maana metronidazo peke yake huweza kuacha amiba utumboni.