Kitana Kilisalimu Amri: Utani wa Picha za Saluni

Mteja ameingia saluni akiwa amefumua rasta za miezi miwili. Nywele zimesokotana, ncha zimekauka. Ametoka na rasta mpya ndogondogo zinazofika mgongoni. Picha mbili zipo tayari kwa Instagram. Sasa, uandike nini chini yake?

Wengi huandika “Kabla na baada”, jambo ambalo macho yameshaliona. Utani mzuri husimulia kisichoonekana: kilichotokea kati ya picha hizo mbili. Kwa mfano:

“Saa nne asubuhi kitana kilisalimu amri. Saa tisa alasiri, mwenye nywele hataki kuondoka kwenye kioo.”

Hapa anayechekwa ni kitana, si mteja. Ukiandika “Alikuja kama katoka vitani”, umemcheka aliyekulipa, na atakayesoma ataogopa kupigwa picha akija kwako. Nywele za kipilipili nazo zisiitwe mbaya. Mwenye nywele kama hizo ndiye unayemtafuta.

Weka utani mwanzoni, kwa sababu Instagram huonyesha maneno machache tu kabla ya msomaji kubonyeza aone mengine. Taarifa zifuate: “Rasta ndogo, saa tano, bei pamoja na nywele.” Utani humfanya acheke, bei na muda humfanya apange siku ya kuja.

Kabla ya kuposti, msomee mteja maneno hayo. Akicheka, yaweke. Akinyamaza, andika mengine.