Kahawa ya Sufuria Kambini Horombo

Mjini Moshi, ambako kahawa ya Tanzania huuzwa mnadani, waonjaji wa kahawa hawatumii chujio. Kahawa iliyosagwa hutiwa kikombeni, maji ya moto humiminwa juu yake, kisha husubiriwa kwa dakika 4 hivi. Tabaka la unga na povu linaloelea juu huvunjwa kwa kijiko, povu huenguliwa, na unga uliobaki huzama wenyewe. Baada ya kupoa kidogo, kahawa huonjwa.

Msafiri aliyebeba sufuria, kikombe na kijiko chake cha kulia anaweza kufanya vivyo hivyo. Inasikitisha, basi, kumwona mtu akipita Marangu katikati ya vihamba vyenye mibuni chini ya migomba, halafu jioni, akiwa kambini, anywe kahawa kali yenye machicha mdomoni kwa sababu imechemshwa mpaka ikachoka. Kahawa inayotokota hupoteza harufu yake pamoja na mvuke, huku maji yakizidi kuvuta uchungu kutoka kwenye unga. Tena mtokoto huurusha unga huo juu na chini, usipate nafasi ya kutulia.

Tuchukue watu wawili waliofika kambi ya Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuwasha kuni, kwa hiyo wanatumia jiko la gesi. Vikombe vyao ni vya mililita 250. Wanapima maji ya vikombe viwili na kuongeza robo kikombe, maana machicha hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake. Kahawa inayotosha ni gramu 30 hivi, yaani vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa, visivyo na kilima juu.

Hapo mlimani kuna jambo ambalo mtu wa Tanga au Dar es Salaam hakutani nalo. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Hupungua takribani nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300. Horombo maji hutokota yakiwa na nyuzi 88 hivi, na kuongeza moto hakubadilishi kitu, gesi ndiyo inayokwisha. Pwani, sufuria ikishaepuliwa, ni vizuri kusubiri nusu dakika kabla ya kutia kahawa. Horombo hakuna kusubiri: kahawa hutiwa mara tu moto unapozimwa, hukorogwa mpaka unga wote ulowe, na sufuria hufunikwa haraka. Mfuniko ukikosekana, sahani inatosha. Sufuria nzima ikifungwa kwa sweta au taulo, joto halitoroki upesi kwenye baridi ile.

Kisha ni saa ya kungoja. Nchi ya chini dakika 4 zinatosha, lakini kwa maji haya yaliyopungua joto ni afadhali zifike 6. Mfuniko ukifunuliwa, juu kutakuwa na tabaka nene la kahawia lenye povu. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksidi, ambayo punje huihifadhi tangu zilipokaangwa, na ndiyo inayoubeba unga usizame. Povu lisipoonekana kabisa, huenda kahawa ilisagwa zamani, na hakuna ufundi wa jikoni utakaoirudishia harufu.

Tabaka hilo huvunjwa kwa kukoroga taratibu mara tatu nne. Vijiko viwili vya maji baridi vikinyunyizwa juu, mabaki yanayoelea hulowa na kushuka. Sufuria iachwe dakika 2 nyingine bila kutikiswa. Kumimina nako kuna adabu yake: sufuria inamishwe polepole, kwa mkono mmoja usiositasita, maana kila inaporudishwa wima machicha huamka. Kidole kimoja cha kahawa kibaki chini. Vikombe vyote vijazwe kwa mara moja, kwani kahawa inayobaki juu ya machicha huendelea kuwa chungu.

Usagaji ndio unaoweza kuharibu kazi yote. Unga laini mno hukaa majini muda mrefu bila kutulia, hata mkono wa kumimina uwe na utulivu namna gani. Dukani, kabla ya safari, aombwe muuzaji aisage kahawa kwa chembe zinazokaribia ukubwa wa sukari.

Kikombe cha kwanza kikiwa na uchachu na wepesi, maji hayakuvuta vya kutosha: cha pili kipewe dakika moja au mbili zaidi kabla ya tabaka kuvunjwa. Kikiwa kichungu na kinakausha ulimi, muda upunguzwe. Kikiwa na ladha nzuri ila hafifu, saa iachwe ilivyo na kiongezwe kijiko kimoja cha kahawa.