Kinamasi cha Nakivubo: Dola Milioni Moja, Milioni Kumi au Sifuri?

Mtaro wa Nakivubo unapita katikati ya Kampala ukibeba maji ya mvua, uchafu wa viwanda na kinyesi kutoka vitongoji ambavyo havijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kusini mashariki ya mji unaingia kwenye kinamasi cha mafunjo chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5.3. Kinamasi kinayapokea maji hayo, kinayapunguza kasi, kisha kinayaachia yaingie Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu kutoka hapo, ndipo palipo Ggaba, mahali ambapo kwa miongo mingi Kampala imevuta maji yake ya kunywa.

Mwaka 1999 wataalamu walioongozwa na mchumi Lucy Emerton wa shirika la IUCN walikipigia kinamasi hiki hesabu. Uganda ilikuwa imepitisha sera yake ya ardhioevu mwaka 1995, na katiba ya mwaka huohuo iliiweka ardhioevu mikononi mwa serikali kama amana ya wananchi. Hata hivyo viwanja vilikuwa vikiendelea kugawiwa ndani ya mafunjo, kwa kuwa machoni pa mgawaji hapo palikuwa patupu tu, karibu na mji na bei yake nzuri. Wachumi walitaka kuonyesha kwamba pale patupu pana kazi inayofanyika, na kwamba kazi hiyo ina gharama iwapo itakoma.

Walianza na njia rahisi, yaani bei ya sokoni. Watu walilima magimbi na mazao mengine pembezoni mwa kinamasi, walikata mafunjo ya kusukia mikeka na kuezekea, walifyatua matofali, na wachache walifuga samaki. Ukichukua kiasi kinachovunwa, ukazidisha kwa bei ya sokoni na kuondoa gharama za kukizalisha, unabaki na thamani ya matumizi. Kwa Nakivubo nzima, yote hayo pamoja hayakufika dola 100,000 kwa mwaka. Laiti hesabu ingeishia hapo, mwenye kutaka kujenga ghala angeshinda bila jasho.

Kazi kubwa ya kinamasi, ile ya kusafisha maji, haina soko. Hakuna anayepeleka bili kwa mafunjo. Kwa hiyo wachumi walitumia njia ya pili na kuuliza: kinamasi kikiondoka, ingegharimu kiasi gani kuifanya kazi yake kwa namna nyingine? Walitazama pande mbili. Upande mmoja ni gharama ya kupanua mtambo wa maji taka ili umudu mzigo wa mtaro, pamoja na kuwajengea vyoo bora watu wa mitaa ya jirani. Upande wa pili ni gharama ya kuyakimbia madhara, yaani kulihamisha au kulibadilisha teo la maji la Ggaba. Jibu lilikuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya mazao yote ya sokoni.

Hesabu hiyo imenukuliwa sana duniani, mara nyingi bila masharti yake. Njia ya gharama mbadala ina masharti matatu ambayo wachumi wa maji wameyajua tangu miaka ya 1970: kinachowekwa badala kiwe na ubora uleule, kiwe ndicho cha bei nafuu kuliko vingine vyote, na watu wawe tayari kweli kukilipia endapo huduma ya asili itatoweka. Sharti moja likikosekana, unachopata ni bei ya mtambo tu, wala si thamani ya kinamasi.

Tukitazama sharti la kwanza pale Nakivubo, mambo si mepesi. Utafiti wa Kansiime na Nalubega, uliotoka mwaka huohuo wa 1999, ulionyesha kwamba mmea unaoota hapo huamua maji yatasafishwa kiasi gani. Mafunjo huelea kama zulia, mizizi yake ikining'inia majini, na maji machafu yakipita chini yake hugusana na mizizi hiyo pamoja na vijidudu vinavyoishi juu yake. Pale palipotawaliwa na nyasi aina ya miskanthidiamu, zulia ni nene na limeshonana, maji hayachanganyiki nalo vizuri, na usafishaji hupungua. Tena maji hayaenei sawasawa katika kinamasi chote. Yakichimbiwa mfereji mmoja, au mvua kubwa ikiyasukuma, hukatiza moja kwa moja hadi ziwani. Hivyo kulinganisha kinamasi kizima na mtambo uliojengwa kwa vipimo ni kukipa sifa isiyo yake kamili. Anayetaka kujua kama hesabu imetiwa chumvi atafute jambo moja katika ripoti: je, maji yalipimwa yanapoingia na yanapotoka, au mwandishi alikisia tu kwamba mafunjo yanasafisha?

Sharti la tatu ndilo gumu zaidi, na mara nyingi halijadiliwi. Tuseme kinamasi kimetoweka na serikali haikujenga mtambo wowote. Hapo hasara haitakuwa bei ya mtambo. Itakuwa dawa zaidi za kusafishia maji kule Ggaba, mkaa zaidi wa kuchemshia maji nyumbani, siku za kuugua, na samaki waliopungua ghubani. Jumla yake inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko mtambo, lakini ni hesabu nyingine kabisa, na wanaoibeba ni watu wengine.

Kuna jambo jingine ambalo jumla za ripoti kama hizi hulificha. Magimbi hulimwa kwa kung'oa mafunjo na kuchimba mifereji ya kukausha udongo, na mifereji hiyo ndiyo inayoyapitisha maji kwa haraka. Kwa hiyo thamani ya kilimo na thamani ya usafishaji haziwezi kujumlishwa kana kwamba zote mbili zitaendelea kuwepo, kwa sababu moja inaila nyingine. Nikiona jedwali linalojumlisha kila kitu bila kuuliza kipi kinaua kipi, nalitilia shaka lote.

Njia ya tatu ni kuwauliza watu: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani ili kinamasi kibaki? Inavutia kwa sababu inagusa hata yale yasiyotumika, kama ndege au urithi wa wajukuu. Udhaifu wake ulidhihirika Marekani. Mwaka 1992 watafiti waliwauliza watu wangelipa kiasi gani kuzuia ndege wahamao wasife katika mabwawa ya taka za mafuta. Kundi moja liliambiwa ndege 2,000, jingine 20,000, la tatu 200,000. Majibu ya wastani yalikuwa dola 80, dola 78 na dola 88. Idadi iliongezeka mara mia, bei ikabaki palepale. Watu walikuwa wakitoa mchango wa huruma, hawakuwa wakinunua ndege. (Waliogharamia utafiti huo walikuwa Exxon, kampuni iliyokuwa ikikabili madai baada ya meli yake kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, lakini matokeo hayo hayawezi kupuuzwa kwa sababu hiyo tu.) Mwaka 1993 jopo la wachumi lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow likasema njia hii inaweza kutumika, ila kwa masharti makali: mahojiano ya ana kwa ana, swali la ndiyo au hapana kama katika kura, na ushahidi kwamba jibu hubadilika ukubwa wa jambo unapobadilika.

Kwetu kuna kasoro ya ziada. Mtu asiye na kitu hujibu kwa kadiri ya mfuko wake. Mkazi wa bondeni ambaye nyumba yake itafurika maji ya kinyesi kinamasi kikijazwa kifusi atasema shilingi chache, na mwenye jumba mlimani atasema nyingi. Ukizijumlisha, sauti ya mlimani inakuwa kubwa ingawa hasara iko bondeni.

Njia ya kutumia gharama za safari huhesabu kiasi ambacho wageni wametumia kufika mahali. Utafiti wa mwaka 1994 juu ya Ziwa Nakuru nchini Kenya ulipata mamilioni ya dola kwa mwaka, sehemu kubwa ikitokana na heroe. Ukiipeleka njia hiyohiyo Nakivubo utapata karibu sifuri, kwani hakuna mtalii anayelipa nauli kwenda kutazama maji taka yakichujwa. Sifuri hiyo inatueleza habari za watalii, na kuhusu kinamasi haina la kusema.

Inayotumiwa sana na watu wenye haraka ni kuazima bei kutoka kwingine. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walichapisha makadirio ya thamani ya huduma za asili kwa dunia nzima, wakaweka vinamasi na mabonde ya mafuriko kwenye wastani wa dola 19,580 kwa hekta kwa mwaka. Nakivubo ina hekta 530 hivi. Zidisha, nawe unapata zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, mara sita hadi kumi ya makadirio yaliyofanyika palepale. Wastani huo umechanganya mahali penye kipato na uchafu tofauti. Kinamasi kilicho kati ya choo cha mji na bomba lake la maji kina kazi ambayo kingine, chenye mafunjo yaleyale huko porini, hakina. Hata ndani ya Nakivubo hekta hazilingani: zile zinazopokea mtaro zina thamani kubwa kuliko zile ambazo maji hayafiki. Mgawaji wa viwanja naye hagawi kinamasi kizima siku moja, anagawa kipande baada ya kipande, na wastani haumwambii kipande kipi akiogope.

Basi hesabu ya mwaka 1999 ilizaa nini? Kinamasi kiliendelea kuliwa. Ardhioevu ya Uganda kwa jumla ilishuka kutoka asilimia 15.6 ya eneo la nchi mwaka 1994 hadi asilimia 10.9 mwaka 2008. Baadaye, kwa mikopo na misaada kutoka nje, Kampala ikajenga mtambo mkubwa wa maji taka pale Bugolobi, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na chanzo kipya cha maji Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba. Yaani pande zote mbili za hesabu ya Emerton zimelipiwa. Si haki kukitwika kinamasi gharama yote hiyo, kwa kuwa mji ulikuwa umekua na ungehitaji maji zaidi hata mafunjo yangebaki. Lakini hoja ya kwamba dola milioni moja ilikuwa ndoto ya wanamazingira imekwisha.

Kwa maoni yangu, kwa kinamasi cha mjini njia ya gharama mbadala bado ndiyo bora, mradi masharti yake matatu yajibiwe hadharani na maji yapimwe. Kilichokosekana Nakivubo ni mlipaji. Aliyepewa kiwanja alipata faida peke yake, na gharama ikaangukia shirika la maji, na kupitia ankara na kodi ikawafikia watu ambao hawakuwahi kuombwa idhini. Sera ambayo ingemtaka mpewa kiwanja alipie kazi ya usafishaji anayoiondoa, kwa kipande hichohicho, ingeipa ile hesabu meno.

Tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote ulio karibu nawe inapofunguliwa kwa maoni ya wananchi, soma ukurasa wa thamani kabla ya mwingine wowote. Uliza ni njia gani iliyotumika, bei imetoka mahali gani, na nani atalipa kinamasi kikishindwa kazi. Ukikuta wastani wa dunia uliozidishwa kwa hekta, andika pingamizi na udai maji yapimwe.