Herufi Kubwa na Nukta: Somo la Kuandika Sentensi kwa Watoto wa Babati

Katika makala hii twataka kueleza jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo mahali pa kuweka nukta na herufi kubwa katika sentensi za Kiswahili, pamoja na zoezi moja la kusahihisha. Tumechagua mfano wa Babati, mji mkuu wa Mkoa wa Manyara uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Katika mji huo hukutana Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig na wengine wengi, na watoto wengi huja shuleni wakiwa na lugha nyingine ya nyumbani. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kuwaonyesha mwisho wa sentensi ya Kiswahili.

Wako waalimu wanaowaambia watoto, “Weka nukta pale unapopumzika kuvuta pumzi.” Shauri hili lawafaa watu wazima wasomao vizuri, bali laharibu kazi ya mtoto. Mtoto asomaye kwa kutafuta silabi hupumzika baada ya kila neno, naye atatia nukta kila mahali. Mwenzake msemaji hodari huenda mbio tangu mwanzo wa habari hata mwisho, naye hatatia nukta hata moja. Wote wawili wametii shauri la mwalimu, na wote wawili wamekosa.

Hasara yake si ndogo. Mama aliye safarini aandika nyumbani juu ya mtoto mgonjwa: “dawa mpeni mara mbili kesho nitakuja”. Tukiweka nukta baada ya “mbili”, dawa ni ya mara mbili, na mama aja kesho. Tukiiweka baada ya “kesho”, dawa yangoja mpaka kesho, na siku ya kuja mama haijulikani. Maneno ni yale yale wala hakuna herufi iliyopungua. Msomaji hawezi kumwuliza mwandishi aliye mbali, basi nukta ndiyo yenye kumjibu.

KITENZI NDICHO KIPIMO

Lugha yetu ina kipimo kizuri kuliko pumzi, nacho ni kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili huchukua mtenda, wakati na tendo ndani ya neno moja. “Walilala” ni neno moja, nalo ni sentensi kamili: twajua waliotenda, twajua kwamba jambo limepita, twajua na lililotendeka. Kwa hiyo mtoto atafutaye sentensi atafute kwanza vitenzi.

Lakini si kila kitenzi chaweza kusimama peke yake. Mtu akikuambia, “Walipofika,” kisha akanyamaza, utamwuliza, “Walipofika, ikawaje?” Hali kadhalika “wakifika”, “wangefika” na “waliofika”. Vitenzi hivi vyamwegemea mwenzao ajaye, kama mgonjwa amwegemeavyo mwenzake njiani, na nukta haiwezi kuwatenga. Watoto wapewe jaribio hili: mmoja asome kifungu, mwenzake asikilize. Msikilizaji akiuliza “Ikawaje?”, sentensi haijakwisha.

Liko kundi la tatu, nalo ni vitenzi vyenye -ka-. Mtoto ahadithiaye husema, “Aliamka akanawa akala akaenda shule,” wala hakukosa, maana kazi ya -ka- ni kufuatanisha matendo. Matendo ya mtu mmoja yafuatanayo hivi na yakae pamoja katika sentensi moja, maadamu si mengi mno. Mtenda akibadilika, ni vema kuanza sentensi mpya: “Neema aliogopa. Kaka yake akacheka.” Hili si sheria ya chuma, kwa maana katika hadithi sentensi yaweza kuanza kwa -ka-, lakini kwa mtoto anayeanza ni njia salama.

HERUFI KUBWA HUBEBA MAANA

Hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazina herufi kubwa, kwa kuwa maandiko hayo hayana tofauti hiyo. Katika herufi za Kirumi tunazo, nazo zina kazi mbili: kuonyesha mwanzo wa sentensi, na kuonyesha jina la mtu, la mahali, la siku au la taifa.

Kazi hii ya pili yahitaji uangalifu, kwa sababu majina mengi ya watu wetu ni maneno ya kawaida. “Tulimwona Baraka” ni habari ya mtu, na “tuliona baraka” ni habari ya heri. Hapo viambishi vya kitenzi vyasaidia. Lakini tazameni: “Jana simba walifungwa.” Kwa herufi ndogo, ni wanyama waliotiwa kifungoni. Kwa herufi kubwa, ni timu ya mpira iliyoshindwa. Kitenzi hakikubadilika hata kidogo, na herufi moja tu yatofautisha mnyama na timu. Mfano huu watoto hawausahau.

Katika majina ya mataifa na lugha, herufi kubwa hukaa juu ya kiambishi cha mwanzo: Mgorowa, Wagorowa, Kigorowa. Katika majina ya mahali yenye maneno mengi, kiunganishi hubaki kidogo: Mkoa wa Manyara. Neno “mama” halipati herufi kubwa katika “mama alipika”, kwa maana hapo halikuwa jina la mtu mmoja.

ZOEZI LA KUSAHIHISHA

Mwalimu aandike ubaoni habari hii, bila nukta wala herufi kubwa, nao watoto wainakili wakiruka mstari mmoja kila mara ili wapate nafasi ya kusahihisha:

jumamosi neema na kaka yake baraka walikwenda kwenye ziwa babati walipofika waliona viboko wawili majini neema aliogopa akarudi nyuma akasimama chini ya mti baraka alicheka jioni mama aliwapikia ugali na samaki walilala mapema

Hatua ya kwanza, watoto wapige mstari chini ya vitenzi. Watavikuta tisa: walikwenda, walipofika, waliona, aliogopa, akarudi, akasimama, alicheka, aliwapikia, walilala. Mwalimu asiendelee kabla hesabu haijatimia, kwa maana kitenzi kimoja kikipotea, sentensi nzima yapotea.

Hatua ya pili, watoe visivyosimama peke yake. “Walipofika” chaegemea “waliona”. “Akarudi” na “akasimama” vyafuata “aliogopa”, maana mtenda ni Neema yule yule. Tisa tukitoa vitatu, vyabaki sita. Basi habari ina sentensi sita, na watoto wajua hesabu ya nukta kabla ya kutia hata moja.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, yaani kuamua mpaka kati ya kitenzi na kitenzi. Mahali pawili patazua mabishano. Pa kwanza ni neno “jioni”. Je, Baraka alicheka jioni, au mama alipika jioni? Sarufi yaruhusu yote mawili. Waulizwe: kiboko alionekana lini, na chakula huliwa lini? Maana ya habari ndiyo iamuayo, na mtoto aone kwamba mwandishi ndiye ampaye msomaji uamuzi huo. Pa pili ni neno “samaki”. Nukta ikitangulia neno hilo, tutasoma, “Samaki walilala mapema.” Darasa litacheka, na kicheko hicho kitafundisha kuliko maelezo yetu.

Hatua ya nne, watie herufi kubwa, kwanza baada ya kila nukta, kisha katika majina yaliyo ndani ya sentensi. Habari ikitengenea husomwa hivi:

Jumamosi Neema na kaka yake Baraka walikwenda kwenye Ziwa Babati. Walipofika waliona viboko wawili majini. Neema aliogopa akarudi nyuma akasimama chini ya mti. Baraka alicheka. Jioni mama aliwapikia ugali na samaki. Walilala mapema.

Herufi kubwa ni kumi: sita za mwanzo wa sentensi, na nne za majina yaliyo ndani ya sentensi ya kwanza, ndiyo Neema, Baraka, Ziwa na Babati. Hapa hatukutia mkato, ingawa baada ya “Walipofika” waweza kutiwa. Alama hiyo ingoje somo lake, maana mtoto apewaye nukta na mkato siku moja huzichanganya.

Mwisho, watoto wabadilishane madaftari. Msahihishaji asiandike jibu. Ahesabu tu nukta na herufi kubwa, na hesabu isipotimia amrudishie mwenziwe atafute mwenyewe.

MAKOSA YANAYODANGANYA

Mwalimu atazame nukta zimeangukia wapi. Zikiwa zote mwisho wa mistari, kwenye ukingo wa karatasi, mtoto hakuzipima kwa kitenzi. Amejifunza hivyo katika vitabu vya kuanzia kusoma, ambamo mara nyingi kila mstari ni sentensi moja. Dawa yake ni kumpa habari ile ile iliyoandikwa kwa mistari mifupi zaidi, ili mwisho wa mstari na mwisho wa sentensi visikutane.

Tena, mtoto aandikaye “baBa” au “kaDiri” huenda hana kosa la sheria. Herufi b na d ndogo hufanana kama mtu na kivuli chake katika kioo, naye amekimbilia ile kubwa kwa kuwa haimchanganyi. Wengine huandika K au S kubwa katikati ya neno kwa sababu umbo la kubwa na la ndogo ni karibu moja. Watoto hawa wapewe mazoezi ya mwandiko juu ya mistari. Kuwarudishia sheria ya majina ni kuwatibu ugonjwa wasiokuwa nao.

Kipimo chetu kina mpaka wake. Katika “Aliogopa kwa sababu aliona kiboko” vipo vitenzi viwili kamili, na sentensi ni moja, maana “kwa sababu” imeviunga. Katika “Huyu ni Neema” hakuna kitenzi cha kawaida, bali “ni” yafanya kazi yake. Kwa hiyo habari za majuma ya kwanza mwalimu azitunge mwenyewe, akiepuka viunganishi vya namna hiyo. Watoto wakiisha kuhesabu bila kukosa, aingize “kwa sababu” moja katika habari ya vitenzi vinane, awaache wagundue wenyewe kwa nini hesabu ya nukta imepungua.