Kukagua Mpangilio wa Karakana: Kutoka Alama Hadi Hatua

Mafundi wa jua kali wanaweza kukagua karakana zao wenyewe kwa karatasi moja. Utaratibu huu ulitoka viwanda vya Japani. Huanza kwa kuchambua vitu visivyohitajika, kisha kupanga vinavyobaki na kusafisha.

Alama hutolewa kwa kuhesabu makosa yanayoonekana wakati huo, si kwa ahadi. Asiyekuwa na kosa hupata 4. Kosa moja ni 3, makosa mawili ni 2, matatu au manne ni 1, na matano au zaidi ni 0. Kwa njia hii, wakaguzi wawili hawatofautiani sana.

Chukua mfano wa karakana ya seremala yenye mafundi wanne. Zana zimepata 3, kwa kuwa patasi moja haiko mahali pake. Njia ya kupita imepata 3, na sakafu 4. Vitu visivyohitajika vimepata 1: randa mbovu, viti viwili vilivyoachwa na wateja na rundo la vipande vya mbao. Makopo ya rangi na thina yamepata 1, kwani manne yako wazi karibu na mashine ya kunoa inayorusha cheche.

Jumla ni 12 kati ya 20. Hapa ndipo wengi hukosea: huridhika na jumla, ilhali ndani yake mmejificha hatari ya moto. Anza na alama ya chini kabisa. Zikilingana, tangulia na ile inayoweza kuumiza mtu.

Hatua iandikwe ikitaja kazi, mtu na siku. "Tuboreshe usafi" si hatua. Hatua ni hii: "Fundi wa rangi afunike makopo na kuyaondoa karibu na mashine leo, kufikia Ijumaa yawe kwenye kabati la chuma." Ulizeni pia kwa nini makopo yalikuwa pale. Ikiwa fundi huyo hana rafu karibu na sehemu ya kupaka rangi, yatarudi palepale.

Kwa vitu visivyohitajika, funga kitambaa chekundu kwenye kila kimoja, chenye tarehe. Kisichoguswa kwa siku 30 kiuzwe, kitengenezwe au kitupwe. Viti vya wateja visitupwe kabla wenyewe hawajaarifiwa.

Baada ya wiki mbili, fundi mwingine akague kwa karatasi ileile bila kutangaza siku. Alama ikipanda siku za ukaguzi uliotangazwa tu, mpangilio haujashika. Ikibaki 1, badilisheni hatua, si alama.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye eneo la kazi kuliweka safi na salama. Karatasi hizi zikihifadhiwa, zitaonyesha kilichopatikana na kilichorekebishwa.